Stendi ya tangi la maji: jinsi ya kuhakikisha miguu yake haitapinda

Ukipita Kisauni, Mtopanga au Magongo hapa Mombasa, matangi yaliyoinuliwa juu ya stendi za chuma huwezi kuyamaliza kuyahesabu. Maji ya mfereji kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho huja kwa zamu, na yakija lazima mtu awe na pa kuyaweka, tena juu, ili yateremke yenyewe hadi bafuni. Bomba la chuma la mraba huuzwa dukani kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo stendi nyingi nazo huwa za mita 6: fundi huzisimamisha bomba nne bila kukata hata sentimita moja, akachomelea jukwaa juu, na tangi likapandishwa.

Mwongozo huu ni wa kupima miguu ya stendi kama hiyo, kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Nitachukua mfano mmoja tu na kuufuata mpaka mwisho: tangi la lita 5,000 juu ya miguu minne ya bomba la milimita 75 kwa 75, unene wa ukuta milimita 3, urefu mita 6, miguu ikiwa imeachana mita 2. Kwa macho, stendi hiyo inaonekana imara kabisa. Hesabu itatuonyesha kuwa inaweza kuanguka kabla tangi halijajaa, au ikabeba mzigo wake mara kadhaa, na tofauti haiko kwenye unene wa chuma. Iko kwenye namna miguu ilivyoshikwa juu, chini na katikati.

Kwa nini chuma kizima hupinda

Muulize fundi kama bomba hilo litabeba, atakujibu kwa nguvu ya chuma. "Mama, hiki kinabeba hata tani ishirini," na hasemi uongo. Eneo la chuma kwenye mkato wa bomba letu ni 75 × 75 kutoa 69 × 69, yaani milimita mraba 864. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kwenye mkazo wa nyutoni 235 kwa milimita mraba. Zidisha, unapata kilonyutoni 203 kwa mguu mmoja, ambazo ni zaidi kidogo ya tani 20. Kata kipande kifupi cha bomba hilo, kama sentimita 30, kiweke chini ya mashine ya kukandamiza, na kitabeba takriban hizo tani 20.

Mguu wa mita 6 hauharibiki hivyo. Kabla chuma hakijachoka kwa kukandamizwa, mguu huhama pembeni. Ukihama kidogo, mzigo hauko tena juu ya kitovu chake, na umbali huo mdogo huuongezea kupinda, nako kupinda huongeza umbali. Upo mzigo fulani ambao chini yake mguu hujirudisha wenyewe, na juu yake haurudi. Leonhard Euler alichapisha hesabu ya mzigo huo mwaka 1744, na mpaka leo hatuna ya kuanzia iliyo bora zaidi:

```
Pcr = π² × E × I / (K × L)²
```

`E` ni ukakamavu wa chuma, nyutoni 210,000 kwa milimita mraba. Angalia kuwa nguvu ya chuma, ile 235, haimo kabisa kwenye fomula. Kununua chuma cha daraja la juu hakusaidii mguu mrefu mwembamba, kwa sababu ukakamavu ni ule ule kwa vyuma vyote vya ujenzi. `I` hutokana na umbo la mkato: chuma kikiwa mbali na kitovu, `I` hukua haraka. `L` ni urefu halisi wa mguu, na `K` ni kizidishi kinachoeleza jinsi ncha zake zilivyoshikwa. `K` na `L` zimewekwa kwenye kipeo cha pili. Ukizidisha `K` mara mbili, uwezo unabaki robo.

Hatua ya kwanza: pata I na r za bomba lako

Pima upande wa nje kwa rula, na unene wa ukuta kwa kalipa kwenye ncha iliyokatwa. Usitegemee maneno ya dukani kuhusu unene, kwa kuwa bomba za 2 na 2.5 hupakwa rangi ile ile na za 3. Kwa bomba la mraba hesabu ni hii:

```
I = (75⁴ − 69⁴) / 12 = 747,792 mm⁴
r = √((75² + 69²) / 12) = 29.4 mm
```

Pembe za bomba halisi ni za mviringo, kwa hiyo `I` ya kweli iko chini kidogo ya hii, kwa asilimia chache tu. Kipimo `r` kinaeleza jinsi chuma kilivyotawanyika mbali na kitovu, na ndicho tutakachogawia urefu ili kupata uwiano wa wembamba.

Ikiwa stendi yako ni ya chuma cha pembe badala ya bomba, hapa pana mtego. Chuma cha pembe cha 50 × 50 × 5 kina `r` ya kama milimita 15 ukikipima sambamba na bawa lake, lakini hakitapinda upande huo. Kitapinda kwa mshazari, ambako `r` yake ni milimita 9.7 tu. Nguzo huchagua upande wake dhaifu kuliko wote. Majedwali ya vyuma huonyesha thamani zote mbili, na ya kutumia ni ndogo kabisa.

Hatua ya pili: amua K, na uiamue kwa kutazama maungio

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hupita mbio. Maswali ni mawili kwa kila ncha. Je, ncha inaweza kuhama pembeni? Je, inaweza kuzunguka kama bawaba ya mlango?

Zikiwa ncha zote mbili haziwezi kuhama wala kuzunguka, nadharia inatoa `K` ya 0.5, lakini hakuna ungio la kazini lililo gumu kiasi hicho, kwa hiyo BS 5950, kanuni ya Uingereza ya majengo ya chuma iliyotumika hadi 2010, ilikupa 0.7, na kanuni za Marekani zinatoa 0.65. Ncha zote zikizuiwa kuhama, moja ikazuiwa kuzunguka na nyingine ikawa bawaba, nadharia ni 0.7 na BS 5950 ilisema 0.85. Bawaba juu na chini, lakini hakuna kuhama, ni 1.0 kila mahali. Hizi zote ni nguzo ambazo kichwa chake kimeshikwa na kitu kingine: ukuta, slabu, au vyuma vya mshazari.

Kichwa kikiwa huru kuhama pembeni, tunaingia kundi jingine kabisa. Chini imefungwa kabisa na juu hakuzunguki ila kunahama: 1.2. Chini imefungwa na juu ni huru kabisa, kama mlingoti wa bendera: 2.0. Chini ni bawaba, juu hakuzunguki lakini kunahama: hiyo pia 2.0. Na ikiwa juu na chini zote ni bawaba huku kichwa kikiwa huru kuhama, usitafute `K`. Hiyo si stendi. Itaanguka kwa kusukumwa na mkono.

Sasa itazame stendi yetu. Jukwaa limechomelewa vizuri juu ya miguu minne, kwa hiyo vichwa vya miguu havizunguki sana. Lakini jukwaa lenyewe linazuiwa na nini lisihame? Halizuiwi na chochote. Miguu minne iliyoungana juu inaweza kulala yote pamoja upande mmoja, bila ungio lolote kufunguka. Kwa hiyo tumo kwenye kundi la pili, na swali lililobaki ni la chini: msingi umefungwa kweli, au ni bawaba?

Inama uangalie. Bamba la chini lenye unene wa milimita 6, bolti mbili zilizopita katikati karibu na ukuta wa bomba, na zege la msingi la ukubwa wa ndoo: hilo ni bawaba, hata kama limechomelewa kote kote. Bamba jembamba hujikunja, na bolti mbili zilizo kwenye mstari mmoja haziwezi kupinga kuzunguka. Ili uite msingi umefungwa, unataka bamba nene, la milimita 12 au zaidi, bolti nne zilizokaa nje ya bomba pembe zote, na msingi wa zege mkubwa wa kutosha usiyumbe ardhini. Kwenye mchanga wa pwani hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kizuizi kidogo cha zege hugeuka ndani ya mchanga pamoja na mguu wake.

Ukiwa na shaka, chukua `K` kubwa zaidi.

Hatua ya tatu: hesabu

Kwanza mzigo. Maji lita 5,000 ni kilo 5,000. Weka kilo 500 kwa tangi tupu na jukwaa. Jumla kilo 5,500, yaani kilonyutoni 54, na kila mguu unapata 13.5.

Msingi ukiwa bawaba, `K` ni 2.0:

```
K × L = 2.0 × 6000 = 12,000 mm
Pcr   = π² × 210000 × 747792 / 12000² = 10,760 N
```

Kilonyutoni 10.8 kwa mguu ambao fundi alisema kwa haki kuwa chuma chake kinabeba 203. Na mzigo ni 13.5. Miguu minne pamoja ina uwezo wa kilonyutoni 43; ukitoa uzito wa tangi na jukwaa, zinabaki kama 38, ambazo ni sawa na lita 3,900 za maji. Stendi hii, hata ikiwa imenyooka kikamilifu na hakuna upepo hata kidogo, haiwezi kushuhudia tangi lake likijaa. Wiki ambazo maji ni haba itasimama vizuri, na siku ambayo mfereji umetoka usiku kucha ndiyo siku ya hatari.

Msingi ukiwa umefungwa kweli, `K` ni 1.2, urefu wa hesabu ni milimita 7,200, na `Pcr` inapanda hadi kilonyutoni 29.9. Sasa inazidi mzigo mara mbili na ushee, na mtu anaweza kuridhika hapo. Asiridhike bado. Fomula ya Euler ni ya nguzo iliyonyooka kama uzi, isiyo na mikazo iliyobaki ndani ya chuma tangu kiwandani. Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya majengo ya chuma, ina mchirizo, yaani mstari wa grafu unaoshusha uwezo kadiri nguzo inavyokuwa nyembamba; ukitumia ule wa bomba zilizokunjwa zikiwa baridi, ambazo ndizo tunazouziwa, uwezo wa mguu huo ni kilonyutoni 25 tu. Mzigo wa usanifu, ukishazidishwa kwa 1.5 kwa usalama, ni kama 20. Nafasi iliyobaki ni 5, na bado hatujautaja upepo. Kusi likivuma juu ya tangi lenye kipenyo cha karibu mita 2, nguvu yote ya pembeni hushuka kwa kuipinda miguu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kushukia, na mguu ulio karibu na kikomo chake hukuza kupinda huko mara kadhaa. Ukijumlisha mambo hayo, stendi inafeli.

Hatua ya nne: uwiano wa wembamba na mipaka yake

Uwiano wa wembamba ni `K × L / r`. Kwa msingi wa bawaba ni 12,000 kugawa kwa 29.4, yaani 408. Kwa msingi uliofungwa ni 245.

Namba hizi zinasema nini? Kwa chuma cha 235, uwiano wa karibu 94 ndipo mzigo wa Euler unapolingana na mzigo wa kukandamiza chuma. Chini sana ya hapo, nguzo ni fupi na nguvu ya chuma ndiyo inayotawala. Juu sana ya hapo, nguvu ya chuma haina maana na umbo pamoja na urefu ndivyo vinavyoamua. Eneo linalozunguka 94, tuseme kati ya 60 na 130, ndilo ambalo dosari ndogo ndogo hupunguza uwezo zaidi, na ndiyo sababu huko hatutumii Euler peke yake.

BS 449 iliyotumika miaka mingi katika nchi zetu iliweka mipaka ya wazi: 180 kwa kiungo kinachobeba uzito wa kudumu na wa matumizi, 250 kwa kiungo kinachobeba nguvu ya upepo tu, na 350 kwa kiungo kinachovutwa lakini upepo unaweza kukigeuza kikasukumwa kidogo. Kanuni za Marekani zinashauri visukumwavyo visizidi 200. Eurocode 3 haiweki kikomo cha jumla. Inaacha uwezo ushuke wenyewe kadiri uwiano unavyopanda. Mimi bado hutumia 180 kwa miguu ya stendi. Mguu wa uwiano wa 245 hulegea kwa uzito wake ukilazwa chini, hupindwa na ngazi iliyoegemezwa au mkokoteni uliorudi nyuma vibaya, na kila pindo dogo la namna hiyo linapunguza namba ulizokokotoa.

Kwa nguzo za zege hesabu hufanana ila mipaka ni mingine. BS 8110, kanuni ya Uingereza ya zege iliyotumika hadi 2010, iligawa urefu wa hesabu kwa upana wa nguzo, si kwa `r`: chini ya 15 kwa nguzo iliyozuiwa kuhama, au chini ya 10 kwa isiyozuiwa, nguzo ni fupi. Zile nguzo za baraza za milimita 200 zinazopanda ghorofa mbili bila kushikwa katikati huvuka mpaka huo bila shida yoyote, na hapo lazima zikokotolewe kama nguzo nyembamba na kuongezewa nondo kwa ajili ya kupinda.

Hatua ya tano: kata urefu, uzuie kuhama

Tiba ya stendi yetu si bomba nene zaidi. Ni kubadilisha `K` na `L` kwa pamoja, na hilo hufanywa na vyuma vyembamba vya bei nafuu.

Weka mkanda wa vyuma vya mlalo kuzunguka miguu yote minne kwenye urefu wa mita 3, kisha weka vyuma vya mshazari vinavyokatizana kwenye kila uso, chini ya mkanda na juu yake. Mkanda unaungana na kila mguu katikati, na mishazari inauzuia mkanda na jukwaa visihame. Sasa kila kipande cha mguu ni mita 3, ncha zake zimezuiwa kuhama, na hata tukizihesabu kuwa bawaba tupu, `K` ni 1.0:

```
K × L / r = 3000 / 29.4 = 102
Pcr = π² × 210000 × 747792 / 3000² = 172,000 N
```

Kilonyutoni 172, kutoka 10.8. Baada ya kupunguza kwa mchirizo wa Eurocode, uwezo halisi ni kama kilonyutoni 100, dhidi ya 20 za usanifu. Msingi haukuguswa, bomba halikubadilishwa. Na upepo sasa hushuka kupitia mishazari kama mvuto na msukumo, sio kwa kuipinda miguu.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa kila fundi wa kuchomelea alijue. Mkanda wa mlalo peke yake, bila mishazari, haufanyi kazi hii. Nimeona stendi zenye mikanda miwili na hata mitatu iliyopangwa vizuri, na mwenyewe akiamini amekata urefu wa miguu vipande vipande. Lakini kama hakuna kinachozuia mkanda kuhama, miguu minne na mikanda yake yote italala pamoja. Maungio magumu ya kuchomelea yatasaidia kiasi, kwa kuwa fremu inajaribu kubaki mraba, lakini hatutoki kwenye kundi la `K` inayozidi 1.0, na kila ungio linalegea kadiri kutu inavyolila. Pembetatu ndiyo inayozuia kuhama. Tafuta pembetatu kwenye kila uso. Ukiona miraba mitupu, rudi kwenye hatua ya pili.

Mishazari yenyewe haihitaji kuwa minene. Nguvu inayohitajika kuuzuia mguu usitoke kwenye mstari ni ndogo ajabu: hata ukichukua asilimia 2.5 ya kilonyutoni 20, unapata nusu kilonyutoni, yaani uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Juu yake unaongeza upepo. Chuma cha pembe cha 40 × 40 × 4 kinatosha, ila kipime wembamba wake nacho. Mshazari wa uso wa mita 2 kwa 3 una urefu wa mita 3.6, na `r` ndogo ya chuma hicho ni kama milimita 7.8. Kikiwa peke yake uwiano ni 462. Mishazari miwili ikichomelewa pale inapokatizana, kila nusu ni mita 1.8 na uwiano unashuka hadi 231, ndani ya 250 iliyowekwa kwa viungo vya upepo. Chomelea moja ndogo katikati ya msalaba inaleta tofauti hiyo yote.

Mara nyingi mwenye nyumba hataki uso mmoja uzibwe, kwa sababu anaegesha pikipiki chini au kuna mlango. Acha wazi nusu ya chini ya uso mmoja tu, lakini weka chuma cha mshazari cha kulala ndani ya mkanda na ndani ya jukwaa, kutoka pembe hadi pembe ukitazama kutoka juu. Hapo miguu miwili ya upande ulio wazi itashikwa kupitia mkanda na nyuso tatu zilizobaki.

Kutu ya bahari hubadilisha K

Hili ni la kwetu hasa. Watu hujua kutu hupunguza unene, na ni kweli: bomba la 3 likipoteza milimita 1 upande wa nje, `I` inashuka kwa asilimia 36, na mzigo wa Euler unashuka vivyo hivyo. Lakini kutu haili mguu sawasawa. Hula chini, pale maji ya tangi yanapofurika na kutuama juu ya bamba, na pale maji ya kisima yenye chumvi yanaporuka kila siku. Bamba hukonda, bolti hubaki na shingo nyembamba, chomelea hupasuka kwenye kona. Mguu mzima kwa juu unaweza kung'aa kwa rangi mpya huku msingi uliokuwa umefungwa ukigeuka bawaba. `K` inatoka 1.2 kwenda 2.0, na uwezo wa stendi isiyo na mishazari unashuka kutoka 29.9 hadi 10.8 bila mguu wenyewe kupoteza chuma chochote. Ndiyo maana stendi iliyosimama miaka kadhaa si ushahidi kuwa itasimama masika yajayo.

Gonga sentimita 20 za chini kwa nyundo ndogo na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na magamba hudondoka. Bomba zilizoachwa wazi juu huoza kwa ndani, kwa hiyo tazama kama zimezibwa. Inua msingi wa zege sentimita 15 juu ya ardhi, na uso wake uteremke nje ili maji yasikae.

Kuipima stendi iliyokwisha simama

Nguzo inayokaribia kikomo hujieleza kabla haijaanguka, ukiipima. Kuhama kokote ilikonako huzidishwa kwa `1 / (1 − P/Pcr)`, ambapo `P` ni mzigo ulio juu ya mguu. Ning'iniza timazi kutoka kwenye pembe ya jukwaa hadi karibu na ardhi, na upime ilipo kutoka kwenye mguu tangi likiwa tupu, robo, nusu, na robo tatu. Fanya hivyo pande mbili, asubuhi ambapo upepo umetulia, na watu wakae mbali umbali unaozidi urefu wa stendi pamoja na tangi.

Tuseme stendi yetu ilijengwa ikiwa imeinama milimita 20. Msingi ukiwa mzuri, timazi itasoma kama 21 tangi likiwa tupu, 27 likiwa nusu, na 36 likijaa. Msingi ukiwa bawaba, utasoma 23 tangi likiwa tupu, 33 kwenye robo, 63 kwenye nusu, na kwenye robo tatu ingepita nusu mita, maana yake haitafika. Stendi yenye mishazari sawasawa haitasogea kiasi ambacho utaweza kukiona kwa rula.

Alama ya kukomea ni hii: ongezeko la robo hii likizidi lile la robo iliyotangulia kwa kiasi unachokiona wazi, funga mfereji na ufungue maji yatoke. Usiijaze tena mpaka mishazari iwekwe, na kazi hiyo ifanywe tangi likiwa tupu kabisa, kwa sababu joto la kuchomelea hulegeza chuma palepale mguu unapobeba. Kwa stendi inayozidi mita 6, au tangi linalozidi lita 5,000, au ile iliyo juu ya paa la nyumba ya watu, namba hizi ni za kumpelekea mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, pamoja na vipimo vya bomba, bamba na bolti ulivyovichukua mwenyewe. Vipimo hivyo ndivyo atakavyouliza kwanza.